Mwambie afungue kilemba: kwa tabibu mpya unayeanza kazi Moshi

Julai Moshi ni mwezi wa ukungu. Mlima haujionyeshi kwa siku nyingi, wagonjwa wanaingia na masweta, na karibu kila mwenye maumivu ya viungo anafika akiwa na jibu lake tayari: ni baridi. Nawe kwenye foleni ya watu sitini utashawishika kumkubalia, uandike baridi yabisi, umpe diklofenaki, uite anayefuata. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nakuandikia kuhusu ugonjwa wa viungo wa soriasisi, unaoshika ngozi, kucha na viungo vya mtu mmoja, nao unapita mbele yetu kwa namna hiyo, na ukipita unaondoka na vidole vya mtu.

Nitakueleza habari za mama mmoja wa miaka 43, fundi cherehani. Mambo machache nimeyabadilisha asitambulike, ila ya ugonjwa ni yale yale. Alikuja akilalamikia vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vilivyovimba karibu na kucha. Yeye alidhani ni kazi. "Daktari, miaka ishirini nashika mkasi, vidole vimechoka."

Madaftari yake ya matibabu yalikuwa matatu, ya sehemu tatu tofauti, na yalianza miezi 14 nyuma. La kwanza lilisema fangasi wa kucha, akapewa vidonge vya miezi mitatu. La pili lilisema mba, akapewa mafuta ya kupaka. La tatu lilisema gauti, kwa kuwa asidi ya yuriki ilikuwa imepanda kidogo, akapewa alopurinoli na kukatazwa nyama na mbege. Ukisoma daftari moja moja, kila mmoja alikuwa na sababu ya kuandika alichoandika. Hakuna aliyeyaweka matatu juu ya meza moja. Kucha, ngozi na kiungo vilitibiwa kama wagonjwa watatu.

Anza na mkono wenyewe, na uushike, usiutazame tu. Uvimbe wa vidole vya watu waliozeeka kwa kazi ni mgumu, unagusa kinundu cha mfupa. Wa mama huyu ulikuwa laini na wenye joto, ukiubonyeza unabonyea kidogo kama ndizi iliyoanza kuiva. Halafu uliza habari za asubuhi, kwa saa, si kwa kusema "unakaza?" maana kila mtu atakujibu ndiyo. Nilimuuliza anaamka saa ngapi, na ni saa ngapi anaweza kufunga vifungo vya blauzi bila kusaidiwa na binti yake. Akasema anaamka saa kumi na moja na nusu, vifungo anaviweza saa moja. Hiyo ni saa moja na nusu ya kukakamaa. Akaongeza jambo ambalo yeye hakuliona kuwa na uzito: akishona kidogo mkono unalegea, akipumzika Jumapili unakaza tena. Kiungo kilichochakaa kwa kazi huuma zaidi kwa kazi na hutulia kwa mapumziko. Chenye moto wa kinga ya mwili hufanya kinyume chake. Dhana ya mkasi ikaishia hapo.

Kisha tazama kucha kwenye mwanga wa dirisha, uzigeuze geuze. Nilikuta vishimo vidogo vidogo juu ya kucha nne, kana kwamba mtu amezidonadona kwa ncha ya sindano, na kucha mbili zilikuwa zimeanza kuinuka kutoka kwenye nyama, zikiacha doa la rangi ya mafuta ya kula chini yake. Fangasi huifanya kucha kuwa nene, ya njano na ya kumeguka, na hupenda zaidi kucha za miguu. Vishimo vya namna hii si kawaida yake. Ukiwa na shaka, kwangua kidogo chini ya kucha, mtu wa maabara aweke haidroksidi ya potasiamu na kutazama kwa darubini. Hiyo ni kazi ya siku moja, na ingemwepusha mama huyu na miezi mitatu ya vidonge.

Kwa nini kucha na kiungo? Hili nilifundishwa nikiwa tayari nimeshafanya kazi miaka kadhaa, na tangu hapo sijalisahau. Kano inayonyoosha kidole hujishikiza kwenye mfupa wa mwisho, na nyuzi zake zinasambaa hadi karibu na shina la kucha. Ugonjwa huu hupenda sana mahali kano inapojishikiza kwenye mfupa. Moto ukiwaka hapo, kiungo cha mwisho kinavimba na kucha inayoota juu yake inatoka na kasoro. Ndiyo maana mara nyingi kidole chenye kucha mbovu ndicho chenye kiungo kibovu. Kwa sababu hiyo hiyo bonyeza pia kisigino, nyuma, pale kano nene inaposhuka. Yeye aliruka kwa maumivu.

Ngozi ndiyo inayofichika. Nilipomuuliza kama ana ugonjwa wa ngozi alikataa. Nikamwomba, kwa heshima na muuguzi wa kike akiwepo, afungue kilemba. Kichwani, kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio, kulikuwa na mabaka mazito yenye magamba meupe ya kung'aa. Mengine yalikuwa kwenye viwiko na kitovuni. Kwake hayo yalikuwa mba tu, ya tangu ujana. Picha nyingi tulizosomea ni za ngozi nyeupe, na zinasema baka la soriasisi ni jekundu. Kwenye ngozi zetu usitafute wekundu. Utaona zambarau iliyofifia, kijivu au kahawia iliyokolea, na mpaka wa baka unaonekana wazi.

Nikamwambia avue viatu. Kidole cha nne cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba chote, kuanzia shina hadi ncha, kama soseji. Alidhani amejikwaa.

Sasa hesabu. Vipo vigezo vya kuutambua ugonjwa huu vinavyoitwa CASPAR, vilivyochapishwa mwaka 2006. Kwanza lazima kuwe na kiungo, uti wa mgongo au mshikizo wa kano wenye uvimbe wa moto. Kisha unatafuta alama tatu au zaidi. Soriasisi iliyopo sasa ni alama 2. Kucha zenye kasoro hizo, 1. Kidole cha soseji, 1. Kipimo cha damu cha rumatoidi fakta kikiwa hasi, 1. Mama huyu alipata 5, na 4 kati ya hizo nilizipata kwa macho na vidole vyangu kabla hajakwenda maabara. Vigezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya tafiti, kwa hiyo mgonjwa mwenye alama mbili usimfukuze. Wapo ambao viungo huanza kuvimba kabla baka halijatokea.

Maabara hapa inasaidia kwa kiasi, na inadanganya kwa kiasi. Kipimo cha kasi ya damu kutuama kinaweza kuwa cha kawaida huku viungo vinaharibika. Eksirei ya mapema inaweza isionyeshe kitu. Na asidi ya yuriki hupanda kwa baadhi ya wenye soriasisi kwa sababu ngozi yao inajitengeneza upya kwa kasi. Gauti humpata mtu ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na shambulio hutulia baada ya siku kadhaa. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake hapati gauti kirahisi. Lakini VVU mpime, kwa ridhaa yake, kwa sababu vinaweza kuuamsha ugonjwa huu au kuuzidisha ukali.

Kuna mtego mmoja nataka uuogope kweli. Miaka mingi iliyopita nilimpa mzee mmoja mwenye hali kama hii vidonge vya prednisoloni. Baada ya siku tatu alikuja kunishukuru, akitembea vizuri. Nami nilifurahi. Aliendelea kuvinunua mwenyewe duka la dawa, kisha fedha zilipokatika akaacha ghafla. Alirudi ngozi imechachamaa mwili mzima, na ilibidi alazwe. Steroidi za kumeza kwa mgonjwa wa soriasisi si za kuanzishwa na wewe kwenye kituo cha afya. Muulize pia kama amekwisha kuzitumia, na umwombe alete vile vidonge vidogo vya kwenye karatasi, kwa kuwa mara nyingi jina halijui.

Kuhusu muda: utafiti wa Dublin uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba waliochelewa zaidi ya miezi 6 tangu dalili za kwanza hadi kumwona bingwa walikuwa na mmomonyoko zaidi wa mifupa na uwezo mdogo zaidi wa kutumia viungo vyao. Miezi 6. Sisi huitumia kwa fangasi na mba. Kwa hiyo usiandike "arudi baada ya miezi mitatu". Kama kiungo kimoja tu kimevimba ghafla, kina moto mkali na mgonjwa ana homa, huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni usaha ndani ya kiungo. Wa namna ya mama huyu mpe dawa ya maumivu kama ibuprofeni, ukishahakikisha figo, shinikizo la damu na tumbo viko salama, na umpe rufaa ya ndani ya wiki chache. Sisi wa Moshi tuna bahati: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hapa hapa, hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992, hivyo wa kuthibitisha baka hawako mbali.

Barua ya rufaa isiseme "maumivu ya viungo, tafadhali msaidieni". Ya kwake niliandika hivi: uvimbe laini, viungo vya mwisho vya vidole viwili vya mkono wa kulia, miezi 14, kidole cha nne cha mguu wa kushoto chote, ukakamavu wa asubuhi dakika 90, vishimo kucha nne, mabaka kichwani, viwiko, kitovu, dawa zilizotumika na tarehe zake. Barua ya namna hiyo inasomwa.

Alianzishiwa methotreksati, baada ya kupimwa damu, ini na kifua, na kuulizwa kuhusu uzazi, kwa kuwa dawa hii inaharibu mimba. Inachukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na wengi huiacha kabla ya hapo wakidhani haifai. Hapo ndipo mgonjwa anarudi mikononi mwako, nawe una kazi moja ya kuokoa maisha: dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Akimeza kila siku anaweza kufa kwa uboho kushindwa kutengeneza damu. Kila anapokuja kwangu simuulizi kama anakunywa dawa vizuri. Namuuliza, "Mama, siku gani?" Anajibu, "Jumapili nikitoka kanisani. Vidonge sita. Foliki ni Jumatatu." Mbege ameiacha, safari hii kwa ajili ya ini.

Kidole cha kati kimenyooka, na cha mguuni kimerudi. Cha shahada kimebaki kimepinda kwenye kiungo cha mwisho, na eksirei yake inaonyesha mfupa uliolika. Amejifunza kushika mkasi kwa kidole kingine.