Maandishi mekundu membamba yanavuja kwenye video: acha bitireti, angalia mwanga

"Wakuu msaada. Nina video ya 1080p, maandishi mekundu membamba juu ya nyeusi. Kwenye taimlaini yanaonekana safi, nikieksporti yanaingia ukungu na wekundu unavuja pembeni. Nafikiria nipandishe bitireti mara mbili au nitoe 4:4:4 nimpe mteja, itachezwa kwenye tivii zake. Au fonti ndo mbaya? Au monita yangu?"

Achia mausi kwanza. Hiyo 4:4:4 usiitume kwa mteja, na bitireti iache hapo hapo ilipo, haihusiki kabisa.

Bitireti inatibu picha inayokatika viboksi viboksi watu wakikimbia au moshi ukipita. Kwako uharibifu umeshatokea kabla kodeki haijaanza hata kubana. Video za kawaida karibu zote ni 4:2:0, maana yake picha inagawanywa, mwanga unawekwa peke yake na rangi peke yake kwenye safu mbili zinaitwa Cb na Cr. Mwanga unabaki kamili, 1920 kwa 1080. Rangi inapunguzwa mpaka 960 kwa 540, yaani kila pikseli nne, mbili kwa mbili, zinagawana rangi moja. Ni kama umechora kwa kalamu kali halafu rangi ukapaka kwa brashi nene. Kwenye sura ya mtu au majani huoni kitu, jicho letu kwenye rangi ni zembe.

Sasa nyekundu. Kwenye kipimo cha HD, BT.709, nyeusi ina mwanga 16, nyeupe 235, na nyekundu kali kabisa, ile 255,0,0, ina 63 tu. Kijani kali ina 173, linganisha mwenyewe. Kwa hiyo nyekundu juu ya nyeusi inatofautiana kidogo sana kwa mwanga, tofauti kubwa yote imelala kwenye safu ya Cr, 240 kwa 128, safu ile ile iliyokatwa nusu. Chukua mguu wa herufi "l" wenye upana wa pikseli moja, jirani yake kwenye lile kundi la pikseli nne ni nyeusi. Wastani wa 240 na 128 ni 184, na hiyo 184 wanapewa wote wawili. Ukirudisha kwenye RGB, pikseli yako nyekundu inakuwa kama 155,28,27, rangi ya tofali, na jirani aliyekuwa mweusi anakuwa 100,0,0. Mstari mmoja mkali umekuwa mistari miwili imefifia, na hapo pleya haijaongeza kulainisha kwake, ikilainisha inasambaa zaidi. Huo ndo uvujaji wako.

Sasa nije kwenye hiyo 4:4:4, ile ambayo rangi haipunguzwi, maana hapa ndo nilipopigwa. Kuna jamaa kwenye mtandao, mtaalamu wa kujiita, aliandika kwa uhakika kama katunga yeye hiyo kodeki: "toa 4:4:4, kwisha habari." Kweli nikajaribu, kwenye mashine yangu maandishi yakawa makali kama wembe, nikajiona fundi. Nikatuma. Kazi ilikuwa ya kuchezwa kwenye skrini za ukumbini, na siku ya shughuli sauti inatoka vizuri kabisa ila picha nyeusi tii, skrini zote. Kwa hiyo kitaalamu maandishi hayakuvuja, hilo mteja hakulipokea vizuri. Sababu ni kwamba H.264 ya 4:4:4 inaingia kwenye profaili inaitwa High 4:4:4 Predictive, na chipu za kufungulia video kwenye tivii nyingi na simu nyingi haziijui, zinajua 4:2:0 basi. Kompyuta yako inaifungua kwa sababu inatumia softwea, inakudanganya kwamba mambo shwari.

Na uchungu zaidi, nikageuza faili haraka haraka kwenda 4:2:0 huku watu wamekaa wanasubiri, picha ikarudi, na ule uvujaji nao ukarudi vile vile kama sijafanya kitu. Ndo nikaelewa kwamba hata faili la 4:4:4 likipokelewa, kuna mtu mbele yako ataligeuza tu. YouTube wanalisaga upya kuwa 4:2:0, na mteja akirusha WhatsApp hivyo hivyo. Yule jamaa hakugusia hata neno moja. Nilirudi kumuuliza akanijibu "inategemea na kifaa", sasa kaka si ungeanza na hilo!

Halafu kuna mtego mwingine hapo hapo, ukitengeneza video kwa ffmpeg kutoka picha za PNG bila kuandika `-pix_fmt yuv420p`, libx264 inakutolea 4:4:4 yenyewe kimya kimya. Angalia faili kabla halijaondoka:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=profile,pix_fmt video.mp4
```

Ukiona `yuv444p` kwenye kazi ya kwenda tivii, usitume.

Sasa kanuni yangu, na hii siibadilishi: maandishi membamba lazima yasomeke kwa mwanga peke yake, rangi iwe pambo. Kupima, toa fremu moja yenye maandishi, safu ya mwanga na safu ya Cr:

```
ffmpeg -ss 10 -i video.mp4 -vf extractplanes=y -frames:v 1 mwanga.png
ffmpeg -ss 10 -i video.mp4 -vf extractplanes=v -frames:v 1 rangi.png
```

Hiyo 10 ni sekunde, weka yako. Fungua mwanga.png, utakuta herufi zako ni kali ila hafifu, kijivu cha kubahatisha juu ya nyeusi. Fungua rangi.png, ina 960 kwa 540 na herufi zimekuwa mabonge. Ukishaziona hizo mbili hutabishana tena na mtu kuhusu bitireti. Na mtu akikwambia uweke nyekundu juu ya bluu kimbia, bluu kali ina mwanga 32, zinakaribiana mno, kwenye kijivu maneno yanakaribia kupotea.

Dawa iliyonitoa mimi ni kugeuza, boksi liwe jekundu na maandishi meupe. 235 juu ya 63, kingo zinabaki kali. Rangi bado inavuja, pikseli nyeupe ya pembeni inakuwa kama 255,228,227, nani ataona kijipinki hicho? Mteja akikataa kata kata anataka herufi nyekundu, mpe nyekundu juu ya nyeupe, itafifia kidogo ila umbo linasimama kwa sababu mwanga unalibeba. Akitaka na weusi ubaki, nenepesha herufi ziwe pikseli nne au zaidi ili katikati angalau ibaki nyekundu kamili, na wekundu upauke kidogo, 255,110,110 inakupa mwanga kama 137, zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanzo. Ataona ni nyekundu tu, nimejaribu kwa wateja wabishi kuliko huyo wako.

Tupia hiyo mwanga.png hapa kabla hujaeksporti tena.