Kola imekolea, mwili umepauka: sufuria moja, rangi moja

Swali: Nimeshona mashati sita ya pamba nyeupe, mwili kitambaa kimoja, kola na mikono ya chini kingine. Nimeyatia bluu ya batiki kwa kostiki na haidrosi, yote kwenye sufuria moja kwa muda uleule. Kola imetoka bluu nzito inayong'aa, mwili umepauka. Nimekosea wapi?

Jibu: Fundi, ukitupa lawama kwenye sufuria utaionea. Chomoa kwanza uzi mmoja wa mwili uuchome. Ukiacha majivu laini ya kijivu, ni pamba tupu. Ukiyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu, kuna poliesta ndani yake, nayo rangi za batiki haziishiki, kwa hiyo kesi imeishia hapo.

Kama vyote viwili ni pamba tupu, karibu hakika kola imemesaraiziwa na mwili haujamesaraiziwa. Kumesaraizi hufanyika kiwandani: kitambaa hupitishwa kwenye kostiki kali, gramu 250 hadi 300 kwa lita moja ya maji, kwa muda wa dakika moja hivi, huku kimevutwa pande zote. Kisha husuuzwa kikiwa bado kimevutwa, na kostiki iliyobaki huuawa kwa asidi hafifu. Unyuzi wa pamba wa kawaida umekaa kama utepe bapa uliojisokota, kwa hiyo mwanga unaoupiga hutawanyika ovyo. Kostiki huuvimbisha ukawa mviringo na kunyooka, na mwanga ukarudi kwa mpangilio. Ndiyo mng'ao unaouona kwenye kola. Wakati huohuo unyuzi hufunguka kwa ndani na kunywa rangi zaidi, na hata kiasi kilekile cha rangi huonekana kizito zaidi juu yake.

Mwingereza John Mercer, ambaye jina lake ndilo limebaki kwenye kazi hii, aliipatia hataza mwaka 1850, lakini kitambaa chake hakikuvutwa: kilinywa rangi vizuri, kikanywea, wala hakikung'aa. Mng'ao ulikuja baadaye, Horace Lowe alipokivuta. Ndiyo sababu kostiki ya sufuria yako ya batiki haikuufanya mwili ung'ae. Kwanza ni hafifu mno, pili kitambaa kinaelea humo kimelegea. Usijaribu kuiongeza ifike kiwango cha kiwanda. Utapata shati lililonywea, na macho na mikono yako viko hatarini.

Kabla ya kukata kitambaa kingine, usiuamini mng'ao wa dukani. Kuna pamba iliyobanwa tu kwenye rola za moto ikawa laini na yenye kung'aa. Kata kipande cha kiganja, kifue kwa maji moto na sabuni, kianike bila kupiga pasi. Mng'ao wa rola utakuwa umeondoka. Wa kumesaraizi utabaki. Dondoshea pia tone la maji: likikaa juu kama shanga, uso umepakwa kitu au una nta, na rangi itashika mabakamabaka. Na kama uso umechanwa kwa brashi ukatoa manyoya, upapase juu na chini. Rangi ikionekana kubadilika kwa upande unaopapasa, basi hata vipande vya jora moja vitatofautiana ukivikata vimegeuziana.

Ukitaka vitambaa hivi viwili vifanane, vitie rangi kila kimoja peke yake. Pima gramu 100 za kila kimoja kikiwa kikavu. Mwili upe gramu 2 za rangi, kola gramu 1.5, kwa mizani ya sonara, maana ya jikoni haitaona tofauti hiyo. Maji, kostiki, haidrosi, joto na muda viwe sawasawa kwa vyote. Vitoe, viache hewani mpaka rangi igeuke yote, suuza, fua kwa sabuni ya moto, kausha kabisa, ndipo ulinganishe mchana kivulini. Kitambaa kibichi humdanganya kila mtu, huonekana kizito. Kola ikiwa bado nzito, shuka hadi gramu 1.3, ikipauka, panda hadi 1.7. Mng'ao wenyewe hutaufuta kwa njia hii, maana uko kwenye umbo la unyuzi, si kwenye rangi.

Mashati sita uliyo nayo usiyarudishe kwenye bluu hiyohiyo ukitarajia mwili utaifikia kola. Vyote vitapanda, na kola itaendelea kutangulia. Yapeleke kwenye nyeusi au bluu ya usiku iliyokolea sana, ambako jicho halioni tena tofauti ya kina, au fumua kola uweke ya kitambaa cha mwili kilichotiwa rangi kwa kipimo kilekile cha mwili. Uzi wa kushonea nao uangalie: uzi wa pamba wa kushonea mara nyingi umemesaraiziwa, na mishono itajitokeza kama mistari mizito juu ya mwili uliopauka.