Mdalasini kwenye mikono ya Shee

Swali la wiki: "Mwanangu ana miaka minne. Nikimwambia anawe kabla ya kula, ananionyesha viganja na kusema ni visafi. Nimsimulie hadithi gani?"

Mimi hufundisha chekechea Lamu, na hii ndiyo ninayowasimulia wangu. Weka karibu mafuta ya kupikia na mdalasini wa unga, maana mtoto naye atataka kupakwa. Manjano niliwahi kuyajaribu, yakang'ang'ania ngozi hata baada ya sabuni, na darasa zima likaniambia sabuni ni ya uongo.

Shee alishinda asubuhi akicheza gololi kichochoroni, pale punda wanapopita na mizigo na kuacha kinyesi. Bibi akaita, "Shee, njoo ule!" Sinia la wali wa nazi lilikuwa tayari mkekani.

"Mikono yangu ni misafi, Bibi. Tazama!"

Bibi hakumgombeza. Alichanganya kijiko cha mafuta na mdalasini, akampaka viganja vyote viwili. "Haya, kanifungie mlango, kisha uniletee kata."

Shee akaenda mbio. Njiani akamfinya shavu mdogo wake, Tima. Aliporudi, mlango ulikuwa na vidole vya kahawia, mpini wa kata vivyo hivyo, na shavu la Tima lilinukia pilau.

"Bibi, kila nilichoshika kimechafuka!"

"Tangu asubuhi ulikuwa ukivichafua, ila uchafu ule ulikuwa huuoni. Ndani yake mna vijidudu vidogo mno. Vikiingia tumboni na tonge, utaharisha."

Shee akatumbukiza mikono katika bakuli la maji. Maji yakageuka rangi, lakini mikono ikabaki na utelezi na mdalasini wake. Tima naye akataka kuchovya.

"Humo usitie mkono," Bibi akasema. "Utatoka na uchafu wa Shee."

(Hapa mimi husimama kidogo. Nyumba nyingi bado bakuli moja huzunguka wageni wote, na wa mwisho hunawa maji ya wote waliomtangulia.)

Bibi akamwaga maji yale, akampa Shee sabuni, akammiminia kwa kata. "Sugua mpaka nihesabu ishirini. Viganja. Migongo ya mikono. Katikati ya vidole. Na kidole gumba, maskini, husahauliwa kila siku." Povu likashika mafuta, na maji yakaondoka na vyote viwili.

"Imetakata!"

"Nionyeshe kucha."

Chini ya kucha mdalasini ulikuwa umejificha. Shee akakwaruza kucha kwenye kiganja chenye povu, huku na huku, Bibi akammiminia tena. Shee akanusa vidole. Havikunukia pilau tena. Akakaa mkekani, akanyoosha mkono sinia lilipo, kisha akaurudisha.

"Tima, ngoja kwanza. Lete kucha zako nizione."