Nilifuta pleilisti ya nyimbo elfu kumi: zilizorudi na zisizorudi

Mimi ndiye mwenye kazi ya muziki kwenye kibanda cha samaki cha shemeji yangu hapa Dunga, Kisumu. Sijiiti didijei. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mteja anayengoja ngege wake akaangwe haboeki, na kwamba wazee wa Jumapili wanapata rumba yao bila kuomba. Pleilisti yetu tuliianza mwaka 2021, Spotify ilipoingia Kenya, tukaiita «Dunga». Mimi niliifungua kwa akaunti yangu, nikampa shemeji ruhusa ya kuongeza nyimbo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutoa hata wimbo mmoja. Benga, ohangla, rumba, nyimbo za kanisa za asubuhi, chochote kilichosifiwa na mteja kiliingia humo.

Siku moja shemeji akaniita. «Omera, simu yangu inakataa kuongeza wimbo. Nimefanya nini?» Nikajaribu kwa yangu, ikakataa pia. Lakini nilipobonyeza wimbo ule ule uingie kwenye nyimbo nilizozipenda, uliingia bila shida. Hapo ndipo nikatazama idadi chini ya jina la pleilisti: 10,000.

Nitaanza na hapa, kwa sababu watu wengi huchanganya vikomo vitatu tofauti. Pleilisti moja ya Spotify haipiti nyimbo 10,000. Maktaba yako yote, yaani kila ulichokihifadhi, ilikuwa nayo na kikomo cha 10,000, lakini kikomo hicho kiliondolewa Mei 2020, hata kabla huduma haijafika kwetu. Ndiyo maana ukisoma ushauri wa zamani unaokuambia upunguze maktaba ndipo uweze kuongeza, unapoteza jioni yako bure. Kikomo cha tatu ni cha nyimbo za kupakua ili usikilize bila intaneti: nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, kwenye vifaa visivyozidi vitano, na ni lazima kila kifaa kiingie mtandaoni angalau mara moja kwa siku 30, la sivyo ulizopakua zinaondoka.

Kujua umegonga ukuta upi si kazi ngumu. Kama wimbo unakataliwa na pleilisti moja lakini pleilisti nyingine inaupokea, iliyojaa ni hiyo moja. Kama wimbo unaingia vizuri ila haupakuliki, hesabu ulizopakua kwenye simu hiyo, kisha tazama kama simu yenyewe bado ina nafasi. Mara nyingi nafasi ya simu huisha kwanza. Kwa ubora wa kawaida, ambao ni kilobiti 96 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne huchukua karibu megabaiti 2.9. Benga ya dakika sita huchukua 4.3. Weka ubora wa juu sana, kilobiti 320, na benga hiyo hiyo inapita megabaiti 14. Nyimbo elfu kumi za namna hiyo ni zaidi ya gigabaiti 140, na simu ya mkahawa wetu ina 64.

Basi, badala ya kugawa pleilisti, ambalo ndilo jambo la akili, nikaamua kuipalilia. Nikakaa kaunta na simu, vidole vina mafuta ya samaki, nikawa natoa wimbo mmoja mmoja: vidoti vitatu, ondoa, vidoti vitatu, ondoa. Nilitoa karibu 140 kabla sijachoka. Katikati ya kazi nilifungua pleilisti ndogo ya majaribio, nikaiita «Dunga 2». Nilipotaka kuifuta hiyo ya majaribio, nikabonyeza vidoti vya ile kubwa. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Baada ya kubonyeza ondoa mara 140, kidole hakisomi tena. Nikakubali.

Kimya hakikuja mara moja, kwa sababu wimbo uliokuwa ukicheza uliendelea hadi mwisho. Nilipotaka kuchagua unaofuata ndipo nikaona jina halipo. Mpwa wangu aliyekuwa akimenya vitunguu akaniangalia usoni na kuniuliza, «Mjomba, umepoteza pesa?»

Sasa tuje kwenye kurudisha. Kwanza, usihangaike ndani ya programu ya simu. Mimi nilitafuta humo nusu saa. Njia iko kwenye tovuti, na brauza ya simu inatosha: andika spotify.com/account mwenyewe kwenye mstari wa anwani, ingia kwa akaunti yako, tafuta palipoandikwa «Recover playlists», na kando ya jina la pleilisti uliyoifuta bonyeza «Restore». Basi. Una siku 90 tangu ulipofuta. Baada ya hapo haipo tena.

Mimi nilifuata hatua hizo na nikakuta pale hakuna kitu. Jasho likanitoka. Kosa lilikuwa moja tu, na nimeliona kwa watu wengine wawili tangu hapo: nilikuwa nimeingia kwa akaunti nyingine. Zamani nilijiandikisha kwa Facebook, baadaye nikajiandikisha tena kwa barua pepe, na brauza ilikuwa inakumbuka ile ya barua pepe. Akaunti hizo mbili hazijuani kabisa. Namna ya kuhakikisha ni kufungua ukurasa wa wasifu kwenye programu ya simu na kulinganisha jina la mtumiaji na lile linaloonekana kwenye ukurasa wa akaunti katika brauza. Yakitofautiana, toka, uingie upya kwa njia ile ile unayotumia kwenye simu. Nilipofanya hivyo, «Dunga» ilikuwepo.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii na haihitaji ukurasa huo hata kidogo. Kama pleilisti si yako, ulichofanya si kufuta bali kuitoa kwenye maktaba yako. Shemeji angeitoa «Dunga» kwake, isingeonekana kwenye «Recover playlists» yake hata akingoja mwaka, kwa sababu mwenye nayo ni mimi. Dawa yake ni mimi kumtumia tu kiungo chake kwa WhatsApp, aihifadhi upya. Basi kabla ya kutafuta, jiulize nani aliyeifungua.

Ukishabonyeza «Restore», usitarajie kuikuta pale ilipokuwa juu ya orodha. Pleilisti iliyorudishwa huwekwa chini kabisa ya mkusanyiko wako, na mwenye pleilisti themanini anaweza kuapa kwamba haijarudi. Teremka hadi mwisho, au andika jina lake kwenye kutafuta. Na nyimbo ulizokuwa umezipakua huna budi kuzipakua tena. Sisi tulifanya hivyo usiku kwa waifai ya jirani, kwa ruhusa yake na kwa sahani mbili za omena, kwani kwa bando ya simu tungekula faida ya wiki.

Lakini ilirudi na nyimbo 9,860.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nilitamani mtu angeniambia mapema. Ukurasa ule hurudisha pleilisti nzima jinsi ilivyokuwa dakika ulipoifuta. Haurudishi nyimbo ulizozitoa ndani yake. Kwa hiyo lile kosa kubwa la kutisha, la kufuta kila kitu kwa mpigo, lilirekebishika kwa dakika tano. Zile nyimbo 140 nilizozitoa moja moja kwa utulivu, nikidhani nafanya usafi, hazikuwa na mlango wa kurudi. Ni hivyo hivyo kwa nyimbo ulizozipenda: ukiutoa wimbo humo, hakuna ukurasa wa kuurudisha. Na mtu uliyempa ruhusa ya kuhariri pleilisti yako anaweza kutoa nyimbo vilevile. Hawezi kuifuta pleilisti, lakini anaweza kuiacha ganda tupu, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi.

Kilichotuokoa ni tabia ya shemeji ya kuhifadhi kila kitu. Mwezi mmoja kabla, kwenye kompyuta anayopigia hesabu za mkahawa, alifungua pleilisti katika programu ya Spotify ya kompyuta, akabonyeza wimbo mmoja, kisha Ctrl+A ili zote zichaguliwe, Ctrl+C, akabandika kwenye faili ya maandishi. Majina hayaonekani humo. Kinachotoka ni viungo, kila wimbo mstari wake, kila mstari ukianza hivi:

```
https://open.spotify.com/track/
```

na kufuatiwa na msimbo wa wimbo. Faili ya nyimbo elfu kumi haifiki hata megabaiti moja. Kurudisha ni kinyume chake: unafungua pleilisti mpya kwenye kompyuta, unanakili mistari unayoitaka, unabandika ndani kwa Ctrl+V. Nyimbo tulizoziongeza baada ya tarehe ya nakala hiyo na nikazitoa usiku ule zilipotea. Nakumbuka moja tu, ohangla ya harusi ambayo mteja kutoka Nyamasaria bado ananiuliza.

Tulipomaliza tuliigawa. Si kwa sababu ya kikomo peke yake. Nyimbo elfu kumi za wastani wa dakika sita ni saa elfu moja, karibu siku 42 bila kulala, na hakuna mteja anayekaa hapo muda huo. Sasa tuna «Dunga Asubuhi», «Dunga Mchana», «Dunga Rumba» na «Dunga Wikendi», na hakuna inayozidi nyimbo 3,000. Kuzigawa tulitumia kompyuta kwa njia ile ile ya kuchagua na kubandika, kwa sababu kwenye simu ungezeeka. Majina tuliyatofautisha makusudi kwa neno la pili, si kwa namba, ili kidole cha mafuta kisichanganye tena 2 na kitu kingine.

Simu ya mkahawa inapakua «Rumba» na «Wikendi» tu, kwa ubora wa kawaida. Spika zetu na upepo wa ziwa havikupi nafasi ya kusikia tofauti.

Kama unatumia huduma nyingine, usidhani mambo ni sawa. Pleilisti ya YouTube Music hujaa kwa nyimbo 5,000, na ukiifuta hakuna ukurasa wa kuirudisha, kwa hiyo huko nakala ndiyo kila kitu. Apple Music huhesabu maktaba yote, nyimbo 100,000.

Shemeji sasa hutoa nakala kila tarehe mosi, siku ya kulipa kodi ya kibanda, na faili anaipa jina la mwezi. Ruhusa yake ya kuhariri nimemwachia kwenye «Asubuhi» peke yake. Alilalamika siku mbili, kisha akafungua pleilisti yake, akaiita «Bila Mjomba», na ndiyo inayocheza ninapoandika haya.