Nafasi 14, fomu 14: kabla ya kupanda Mandara

Kundi letu la Arusha likitangaza matembezi ya siku moja kwenda kibanda cha Mandara, Mlima Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, WhatsApp hujaa muda huohuo: "nipo", "niandikeni", "mimi na wifi yangu". Gari lina nafasi 14 za abiria, na wanaosema "nipo" huwa wengi kuliko viti. Mimi ndiye ninayeshika orodha. Kwa yeyote anayeshika orodha ya namna hii, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba "nipo" isihesabiwe. Nafasi ishikwe na fomu iliyokamilika, yaani tamko la kukubali hatari alilolisaini mtu mzima mwenyewe, pamoja na namba ya mtu wa kupigiwa wakati wa dharura. Hela ifuate baada ya hapo. Ukipokea hela kwanza, mtu anaona ameshamaliza, na fomu utamdai mpaka getini.

Safari ikiwa Jumamosi, fomu zinafungwa Jumatano saa 12 jioni. Alhamisi ni ya kupiga simu na kuhakiki, Ijumaa ni ya kuwaingiza walio kwenye akiba. Waliochelewa Jumatano hawafukuzwi, ila wanashuka chini ya orodha ya akiba, na utaratibu huo uandikwe kwenye tangazo lenyewe ili mtu asije akasema umempendelea shemeji yako.

Tamko liwe fupi na litaje hatari za njia hiyo hasa. Maneno kama "sitamdai mtu yeyote kwa jambo lolote" yanamtisha msomaji bila kumweleza chochote, na karatasi haimwondolei mwandaaji wajibu wa kuwa mwangalifu. Mpe mwanasheria alisome mara moja, kisha utumie hilohilo kila safari ya njia hiyo. Letu linasema hivi:

"Mimi, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, nimeelezwa kwamba matembezi haya ni ya saa kadhaa kupanda na kushuka, kwamba njia ina mizizi, mawe na utelezi mvua ikinyesha, kwamba Mandara iko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari ambako baadhi ya watu huanza kuumwa kichwa au kichefuchefu kwa sababu ya mwinuko, na kwamba nikiumia nitashushwa kwa machela, jambo linaloweza kuchukua muda mrefu. Kiongozi akiniambia nirudi, nitarudi. Nakwenda kwa hiari yangu."

Sentensi ya kurudi ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mtu aliyeisaini Jumatatu akiwa ametulia hukubali haraka zaidi kiongozi anapomwambia ageuke, kuliko aliyeisikia kwa mara ya kwanza akiwa anahema.

Kila mtu mzima anasaini yake. Mume hamsainii mke, na rafiki aliyelipia wenzake watatu hawasainii hao watatu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kwa sababu ndicho raia anachoonyesha getini ili alipe kiingilio cha Mtanzania, na orodha yako ikiwa na "Mama Junior" mnakwama hapo asubuhi nzima.

Sasa namba ya dharura, ambayo ndiyo inayoharibika mara nyingi na kwa njia zilezile. Kosa kubwa ni wawili wanaosafiri pamoja kuandikana. Mke anamwandika mume, mume anamwandika mke, na wote wamo kwenye gari moja. Kwenye fomu yetu kuna mstari unaosema: "Mtu huyu asiwe miongoni mwa wanaosafiri." Bado wengine wanauruka, kwa hiyo ninapochapisha orodha ninapitisha macho kwenye safu mbili, ya wasafiri na ya watu wa dharura, nikitafuta namba iliyojirudia.

Kosa la pili ni mtu wa dharura asiyejua kwamba ameandikwa. Alhamisi moja nilimpigia mama mmoja wa Moshi. Nikaanza, "Shikamoo mama, nakupigia kuhusu kijana wako..." Kabla sijaendelea akauliza, "Amefanya nini mwanangu?" Sauti ilikuwa imeshabadilika. Tangu hapo msafiri ndiye anayetangulia kumjulisha mtu wake, ndipo mimi napiga, na neno la kwanza baada ya salamu ni hili: "Mama, ni mzima, hajasafiri bado." Kisha nauliza mambo matatu tu. Je, Jumamosi simu yako itakuwa hewani? Usipopatikana, tumpigie nani mwingine? Na je, ikibidi, unaweza kufika hospitali Moshi siku hiyohiyo? Aliye Mwanza anaweza kuwa baba mzazi na bado asifae kuwa wa kwanza. Mwandike wa pili, wa kwanza awe jirani au ndugu aliye karibu.

Kwenye afya, usiulize "una ugonjwa wowote?" Jibu litakuwa "hapana". Mwenye pumu iliyotulia hajioni mgonjwa. Uliza: "Kuna dawa unayotembea nayo au unayotumia kila siku?" na "Umewahi kuambiwa una pumu, kisukari, shinikizo la damu, kifafa, seli mundu au mzio?" Seli mundu naitaja kwa jina kwa makusudi, maana baridi, kuishiwa maji na upungufu wa oksijeni vinaweza kuamsha maumivu makali. Akijibu ndiyo, si kazi yako kuamua kama aende. Mwombe amwone daktari wake kabla ya Jumatano, na nafasi yake ibaki mpaka muda huo.

Taarifa za afya ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo mstari wa kuridhia uwepo kwenye fomu, ukieleza nani atazisoma na kwa kazi gani. Zisitumwe kwenye kundi. Kwetu huwa kwenye ukurasa wa pekee ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye jina la msafiri kwa nje, na kiongozi wa njia ndiye anayeibeba.

Ijumaa usiku ndipo orodha inapovurugika. Tuchukue dada aliyepata msiba, akaandika, "Nafasi yangu nampa mdogo wangu." Kiti hakirithiwi hivyo. Kwanza anapewa wa kwanza kwenye akiba, ambaye fomu yake na namba yake vilishahakikiwa Alhamisi. Akiba wote wakikataa, mdogo wake anaweza kuingia, lakini anajaza fomu yake mwanzo hadi mwisho na mtu wake anapigiwa usiku huohuo. Fomu ya dada inatolewa kabisa, pamoja na bahasha yake. Ikibaki, siku ya shida mtapiga simu kwenye familia iliyo msibani kuitaarifu juu ya mtu ambaye hakupanda gari.

Orodha ya mwisho ichapwe nakala mbili, kwa kuwa mtandao msituni hauaminiki na simu huishiwa chaji. Moja anakuwa nayo kiongozi kwenye mfuko usioingia maji, nyingine inabaki mjini kwa mtu asiyesafiri. Huyo wa mjini ndiye anayepigia familia. Njiani hakuna anayempigia ndugu wa mwenzake, wala kuweka chochote kwenye kundi, mpaka mtu wa mjini amewapata wenyewe. Kiongozi anampa mambo manne: jina, kilichotokea, mahali walipo, na hospitali wanakoelekea.

Mkisharudi salama na mtu wa mjini amehesabu 14, kurasa za afya zinachomwa Jumatatu. Matamko yaliyosainiwa yanabaki kwenye faili kwa muda atakaoshauri mwanasheria. Safari ijayo kila mtu anajaza upya, hata aliyekuja mwezi uliopita, kwa sababu namba hubadilika na dawa pia.