Maswali na majibu: sekunde za kwanza za salamu

Je, ni kweli kwamba mtu huamua wewe ni mtu wa namna gani ndani ya sekunde saba?

Huamua mapema zaidi. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za sura wasizozijua, nyingine kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, kisha wakawauliza kama mwenye sura anaaminika au ana uwezo. Majibu yalifanana sana na ya wale waliotazama bila kubanwa na muda. Walioongezewa muda walizidi kujiamini katika hukumu yao, lakini hukumu yenyewe haikubadilika sana. Wengi wanaonukuu utafiti huu husahau kwamba ulipima kama watazamaji wanakubaliana, wala haukupima kama wamepatia. Watu mia moja wanaweza kukubaliana kuhusu sura ya mtu na wote wakamdhulumu.

Mwalimu, nimesoma kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano. Ni sahihi?

Si sahihi, na nasikitika kwamba swali hili bado linarudi. Albert Mehrabian alizipata namba hizo mwaka 1967 kwa kutumia neno mojamoja lililotamkwa kwa sauti tofauti, pamoja na picha za nyuso, ili kujua kama msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Hazihusu mazungumzo kwa jumla, na mwenyewe alilisema hilo. Mkufunzi wa semina akizitaja kama kanuni ya mawasiliano yote, muulize amezisoma wapi kabla hujalipa ada.

Sauti yangu ni nyembamba. Nifanyeje iwe nzito nikipokea simu za wateja?

Usiilazimishe. Mwaka 2014, Phil McAleer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliwasikilizisha watu 320 neno moja tu la salamu, lisilofika hata nusu sekunde, kutoka kwa wasemaji 64. Wasikilizaji walikubaliana sana juu ya nani anaaminika na nani ana ubabe, na kwa upande wa wanaume, sauti iliyopanda kidogo ndiyo iliyoaminiwa zaidi. Wasemaji walikuwa Waskoti, kwa hiyo nisingeihamishia kila lugha, lakini inatosha kukuonya kwamba uzito na kuaminika si kitu kimoja. Sauti inayosukumwa chini hubana koo na kuanza kukwaruza kabla sentensi haijaisha. Jirekodi kwenye simu ukisema "habari za asubuhi", kisha sikiliza silabi ya mwisho. Mkazo wetu huangukia silabi iliyo kabla yake, kwa hiyo aliyeishiwa pumzi huimeza ile ya mwisho na salamu nzima ikasikika kama ya mtu asiyetaka kusalimia. Vuta pumzi kabla ya kunyanyua simu.

Tabasamu la kweli linatambulikaje?

Mfaransa Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha hukaza pia msuli unaozunguka jicho, si ule wa shavu peke yake. Siku hizi tunajua kwamba wapo wengi wanaoweza kuukaza kwa makusudi, hivyo alama hiyo pekee haitoshi. Angalia mwendo wake: linalochanua polepole na kufifia polepole huonekana la kweli kuliko linalowaka na kuzimika ghafla.

Nina usaili wiki ijayo. Nisimameje ninapoingia?

Kwanza, usijifungie chooni ukiwa umeshika kiuno ili "kuongeza homoni". Utafiti wa mwaka 2010 uliodai kwamba kusimama kibabe hubadili homoni za mwili na kumpa mtu ujasiri ulirudiwa na Eva Ranehill na wenzake mwaka 2015 kwa watu 200, na homoni hazikubadilika. Mwaka uliofuata, Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa utafiti ule, alitangaza kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kijana anayesema "shikamoo" huku bado anatembea, mkono mmoja ukiwa kwenye kitasa na macho yakitafuta kiti. Jopo hupata ubavu wake tu, na sauti yake huishia sakafuni. Funga mlango kwanza, wageukie kwa mwili mzima, simama, msalimie mkubwa wao, ngojea "marahaba", kisha keti utakapokaribishwa.

Nawageukia pia mnaosaili. Vijana wengi wamelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na anayeitafsiri heshima hiyo kama uongo anamwonea mtoto wa watu. Waulizeni wote maswali yaleyale, na kila mjumbe aandike alama za kila jibu papo hapo, kabla hamjaanza kujadiliana. Mkisubiri hadi mwisho, mtajikuta mnatoa alama za salamu.