Kwa nini mita mraba haizidishwi kwa 100

"Mita moja ni sentimita 100. Mbona 12 m² isiwe 1,200 cm²?"

Eneo ni idadi ya miraba inayofunika sakafu bila kuacha pengo. Chora mraba wa mita moja kila upande: safu moja ina vimraba 100 vya sentimita, na safu zenyewe ni 100. Kwa hivyo 1 m² = 100 × 100 = 10,000 cm². Wewe umehesabu safu moja tu.

Chukua sebule ya mita 3 kwa 4: 12 m², yaani 120,000 cm². Kigae cha 30 kwa 30 ni 900 cm². Ukigawanya unapata 133.3, basi nunua 134 na vya ziada, maana vingine huvunjika fundi akikata pembeni. Kwa 1,200 yako, vigae viwili vingemaliza sebule. Kosa huonekana hapo.

— Mimi husogeza nukta mara mbili tu.
— Hiyo ni ya urefu, ndugu. Kwa eneo ni mara nne.
— Na shamba letu la robo ekari huku Bondo, ni mita mraba ngapi?